Tairi Niliyoitoa kwenye Bajaji ya Mpwa Wangu

Mpwa wangu alikuwa na miezi 14 nilipompelekea bajaji ya kwanza. Niliichora mwenyewe jioni tatu mfululizo hapa Sinza, nikaiprinti kwa printa yangu ya 3D usiku kucha, na Jumamosi asubuhi nikapanda daladala kwenda Mbagala nayo mfukoni. Ilikuwa ya bluu, na tairi zake tatu zilizunguka vizuri sana. Mtoto aliisukuma sakafuni, akacheka, akaitia mdomoni. Nilimwambia dada yangu kwamba ni PLA, plastiki inayotokana na mimea, haina shida mtoto akiilamba. Nilisema hivyo nikiamini nimemaliza suala la usalama.

Siku ya tano dada alinipigia simu. "Kaka, njoo uichukue bajaji yako." Alimkuta mtoto amekaa kimya jikoni, na mtoto wa umri ule akikaa kimya kila mama anajua aende kumtazama. Shavu moja limetuna. Tairi ilionekana wazi ndani ya shavu, akaitoa kwa kidole. Ingekuwa imeteleza nyuma kuelekea kooni, asingeiona, na kuchokonoa kwa kidole kitu usichokiona kunaweza kukisukuma ndani zaidi. Tairi yenyewe ilikuwa na kipenyo cha milimita 24 na unene wa milimita 8. Naijua kwa sababu bado ninayo, imo ndani ya kopo mezani ninapochorea.

Nilipofika niliikagua ile bajaji kwa utulivu. Tairi haikuchomoka. Kile kipini kilichoishika, ambacho nilikiprinti kimesimama wima kwa unene wa milimita 5, kilikuwa kimekatika kwa mlalo kabisa kama muwa uliokatwa kwa panga. Uso wa mkato ulikuwa laini, wenye miduara ya tabaka. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Printa hizi hujenga kitu tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka limeshikana na la chini yake kwa joto la muda mfupi tu. Ukikivuta kitu kwa urefu wa tabaka, plastiki yenyewe ndiyo inayopambana nawe. Ukikipinda ili tabaka ziachane, kinachopambana ni ule mshikamano tu, nao siku zote ni dhaifu kuliko plastiki yenyewe. Kipini kilichosimama wima, chembamba, kinachobebeshwa tairi inayogongwa sakafuni na kutafunwa, kiko mahali pabaya kuliko pote.

Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kunenepesha kipini, na hesabu yake inavutia. Uwezo wa kipini cha duara kustahimili kupindwa hukua kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tatu, maana yake ukitoka milimita 5 kwenda 10 hupati nguvu mara mbili, unapata mara nane. Wazo la pili lilikuwa tairi za kandambili, kama tulivyotengeneza magari ya makopo utotoni. Nililiacha haraka, maana meno manne ya mtoto yanatosha kumega sponji ya kandambili, na kipande cha sponji hulainika, hushika umbo la koo na kukaa hapo.

Lakini yote mawili yalikuwa yanajibu swali lisilo lenyewe. Nilikuwa najiuliza nifanyeje tairi isikatike. Swali nililopaswa kujiuliza ni hili: siku ikikatika, kitakachobaki mkononi mwa mtoto kitakuwa na ukubwa gani na makali gani? Kazi yangu yote ya vichezeo vya watoto wadogo tangu siku ile imekuwa kujibu swali hilo.

Ukubwa una kipimo chake, nacho kinatumika katika viwango vya vichezeo vya Ulaya, Marekani na vile vya kimataifa vya ISO 8124. Ni kikombe cha mviringo chenye kipenyo cha ndani cha milimita 31.7, na kitako chake kimekatwa mshazari: upande mmoja kina ni milimita 25.4, upande wa pili 57.1. Kinaigiza mdomo na koo la mtoto wa chini ya miaka 3. Unakiweka kipande ndani bila kukibana, kwa namna yoyote kinavyoweza kuingia. Kikizama chote, ni kipande kidogo, na hakiruhusiwi kwa mtoto wa umri huo, kiwe kilitoka hivyo kiwandani au kimevunjika baadaye. Nilikiprinti kikombe changu, nikakipima kwa kalipa kwa sababu matundu ya printa hutoka madogo kuliko yalivyochorwa, nikakikwangua kwa msasa mpaka kikafika 31.7. Tairi yangu ilizama bila kugusa kingo.

Asiye na printa wala kalipa anaweza kutumia kile kibomba cha karatasi cha katikati ya tishu ya chooni. Kina upana wa sentimita 4 hivi, kwa hiyo ni kikali zaidi ya kikombe, na ukali huo ni mzuri. Mimi nyumbani hutumia vyote viwili: kikombe kunionyesha kanuni, kibomba kunionyesha ninachokubali mwenyewe. Kitu cha duara kamili ni hatari zaidi kwa sababu huziba koo pande zote bila kuacha upenyo wa hewa, ndiyo maana mipira ina kipimo kikubwa zaidi, milimita 44.5. Mpira unaopita kwenye tundu hilo simpi mtoto wa chini ya miaka 3.

Basi nikaichora bajaji upya. Uamuzi wa kwanza ulikuwa mgumu kwangu kuliko yote: tairi hazizunguki. Nilijaribu kwenye karatasi kila namna ya kuziacha zizunguke. Tairi kubwa za milimita 46 zilipita kipimo, ila ekseli yake ingekuwa kijiti cha sentimita 9, na kijiti kama hicho hata kisipozama kwenye kikombe, mtoto akianguka nacho mdomoni kinamchoma kaakaa. Nikakubali kwamba bajaji ya mtoto wa mwaka mmoja ni kipande kimoja, na ya tairi zinazozunguka ingoje afike miaka mitatu.

Uamuzi wa pili ni namna ya kuilaza. Bajaji ya kwanza niliiprinti imesimama kama inavyosimama barabarani, kwa sababu hivyo ndivyo inavyopendeza. Ya pili niliilaza ubavu. Ikilala ubavu, umbo lote la pembeni, yaani paa, pua, tairi ya mbele na za nyuma, linachorwa ndani ya tabaka moja bila kukatika, na kila tabaka linarudia umbo lile lile. Hapana kinachochomoza nje kwa kutegemea mshikamano wa tabaka peke yake. Ina urefu wa milimita 110, kimo 75 na unene 45, na tairi zimebaki kama duara zilizoinuka kidogo ubavuni. Madirisha ni mabonde tu, hayapiti upande wa pili, maana tundu lenye ukubwa wa kidole cha mtoto hukinasa kidole hicho.

Kuhusu ndani yake, wengi hudhani nguvu inatoka kwenye ujazo, yaani ule wavu wa plastiki unaojaza tumbo la kitu. Wanaweka asilimia 60 au 80 na kuta mbili. Mimi nimeona kinyume chake: nguvu iko kwenye kuta. Kwa nozo, yaani mdomo wa printa unaotoa plastiki, ya milimita 0.4 naweka kuta tano, zinazofanya gamba la kama milimita 2, na ujazo wa asilimia 20 unatosha. Sababu yangu kubwa ni ya mdomoni: gamba jembamba likipasuka, ule wavu wa ndani una nyuzi na vipande vyembamba kama magamba ya samaki, navyo hutoka kimoja kimoja.

Halafu plastiki. PLA yenyewe, ikiwa safi, si sumu, na sikumdanganya dada kwa hilo. Tatizo lake ni jinsi inavyovunjika. Nilichukua bajaji mbili za umbo moja, ya PLA na ya PETG, nikazipasua kwa nyundo juu ya saruji. Ya PLA ilipasuka kama kikombe cha kauri: vipande vyenye ncha, viwili kati yake vilizama kwenye kikombe, na kimoja kilinichana kidole gumba nilipokiokota. Ya PETG iliingia ndani, ikajikunja, ikaweka alama nyeupe mahali ilipoumia, na mapigo yaliyofuata yakaipasua kwa ufa mmoja bila kurusha kipande. PETG ni ndugu wa plastiki ya chupa za maji. Ile alama nyeupe naipenda sana, kwa sababu ni onyo linalotangulia kuvunjika, na mama yeyote anaweza kuliona. PLA haitoi onyo. Tena PLA huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa vioo juani hapa mjini huipinda ikiwa juu ya dashibodi.

PETG ina ugomvi wake na pwani. Inanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar inao wa kutosha. Roli ya uzi wa plastiki niliyoiacha wazi wiki mbili wakati wa masika ilianza kutoa sauti ya kutatarika kwenye nozo, kama mafuta yaliyodondokewa na maji, na kitu kikatoka na nywele nywele na ukungu. Wengine huona hilo ni suala la sura tu. Kwa kichezeo si sura: yale maji yanachemka ndani ya plastiki inapotoka, yanaacha vishimo, na tabaka hazishikani vizuri. Bajaji iliyoprintiwa kwa roli ile niliipinda kwa mikono miwili ikaachana kwenye tabaka. Sasa naikausha kwa nyuzi 65 kwa saa sita kabla ya kazi, halafu naihifadhi kwenye chombo kinachofungwa kabisa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Feni ya kupoza naishusha mpaka karibu asilimia 30, kwa sababu PETG ikipozwa haraka mno tabaka jipya halipati muda wa kuungana na la zamani.

Jambo jingine linatuhusu sisi hasa: umeme. Printa yangu ina uwezo wa kuendelea ulipokatikia umeme, na kwa kopo la kalamu ni neema. Lakini ukikatika kwa nusu saa, kazi iliyo mezani inapoa kabisa, na tabaka linalofuata linamwagwa juu ya plastiki baridi. Kwa nje utaona mstari mmoja tu. Nimezivunja tatu za namna hiyo kwa makusudi, na zote zilikatika kwenye mstari ule ule. Bajaji iliyokatiwa umeme katikati haiendi kwa mtoto mdogo, hata kama ilikuwa imebakiza dakika kumi.

Kwenye rangi niko mkali. Natumia PETG isiyotiwa rangi au ya rangi moja ya kawaida, kutoka kwa muuzaji anayeweza kunionyesha karatasi ya kiwanda. Situmii zinazong'aa gizani, zenye unga wa chuma au mbao, wala zenye nyuzi za kaboni au kioo, kwa kuwa nyuzi hizo hubanduka juu ya uso. Nozo ya shaba ya njano mara nyingi ina risasi kidogo ndani yake, hivyo kwa kazi za watoto nimeweka ya chuma kisichoshika kutu. Rangi ya kupaka sipaki, mtoto ataibandua kwa meno. Na zile printa za kutumia utomvu wa majimaji unaogandishwa kwa mwanga siziingizi kwenye vichezeo vya mdomoni kabisa: utomvu usiogandishwa vizuri huwasha na kudhuru ngozi, na huwezi kujua kwa macho kama katikati umeganda wote.

Bajaji ya kwanza ya PETG iliyotoka niliiona nzuri, nikaipeleka kwenye majaribio. Kanuni za Marekani kwa mtoto wa miezi 18 kushuka chini zinataka kichezeo kiangushwe mara 10 kutoka urefu wa mita 1.37. Niliweka alama ya chaki ukutani na kuiangusha kwenye vigae, kila mara kwa upande tofauti. Mara ya saba ilitua kwa pua, na tairi ya mbele ikaondoka na kipande cha uma wake. Nilikitia kwenye kikombe. Kilizama.

Nilikaa sakafuni nikiwa na kipande hicho mkononi kwa muda. Tabaka zilikuwa zimelala sawa, plastiki ilikuwa kavu, kuta tano. Kosa lilikuwa kwenye mchoro: bajaji ina tairi moja mbele, na mimi nilitaka uonekane ule uwazi kati ya tairi na bodi, kwa hiyo shingo iliyoishika ilikuwa na upana wa milimita 9 tu. Pembe ya ndani ya shingo hiyo ilikuwa kali, na ufa huanzia kwenye pembe kali za ndani kama kitambaa kinavyochanikia palipokatwa kidogo kwa mkasi. Niliuziba uwazi wote, tairi ikawa imezama kwenye bodi mpaka nusu, na kila pembe ya ndani nikaipa mviringo wa milimita 4. Iliyofuata ilimaliza mara kumi. Nikaendelea hadi ishirini, ikabaki na alama moja nyeupe.

Baada ya hapo ni kuvuta. Kiwango cha Ulaya cha EN 71 kinataka sehemu inayoweza kushikwa ivutwe kwa niutoni 90, ambazo ni kama kilo 9, kwa sekunde 10. Ndoo ya lita 10 iliyojaa maji inavuka hapo kidogo. Naifunga tairi ya mbele kwa kamba, nainingʼiniza ndoo, nahesabu hadi kumi, kisha nakagua chini ya taa kama kuna weupe.

Makali ndiyo yaliyonichukua muda ambao sikuutarajia. Bajaji iliyolala ubavu ina mzingo mzima uliogusa kitanda cha printa, na tabaka la kwanza hukandamizwa na kutanuka nje kidogo. Ule ukingo mwembamba ukiugusa kwa kidole cha fundi kilichozoea kazi hauusikii, ila ufizi wa mtoto unausikia. Nilipokata na ule mkeka mwembamba unaozunguka kazi ili isibanduke, ilibaki ncha kama wembe. Sasa nachora mkato wa mshazari wa milimita 1 kwenye ukingo wa chini, ili hata ukitanuka usifikie nje, na kingo nyingine zote nazipa mviringo wa milimita 3. Ule mshono ambapo kila tabaka huanzia nauhamishia kwenye bonde la dirisha, mbali na ulimi. Kisha msasa wa maji namba 240, halafu 400, chini ya bomba ili vumbi lisiruke.

Kidole sikiamini tena kupima. Nachukua pamba ya duka la dawa, naipitisha polepole kwenye kila ukingo na kila kona. Mahali inapoacha nyuzi, pana makali au kijinywele cha plastiki. Soksi ya nailoni ya kike inafanya kazi hiyo hiyo na ni kali zaidi. Bajaji ya mpwa wangu ilishika pamba mahali pawili baada ya mimi kuamini nimemaliza.

Nilimpelekea dada ile mpya na maelekezo matatu. Aioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni na kuifuta, asiiloweke wala kuichemsha, kwa sababu maji hupenya kati ya tabaka na kubaki ndani. Isiingie kwenye beseni la kuogea kwa sababu hiyo hiyo. Na akiona weupe, ufa au nyuzi, anirudishie bila kungoja. Akaniuliza, "Na majirani wanaotaka? Wawili wamesema watalipa." Nikamwambia hapana. Ndoo, pamba na chaki vinanionyesha nguvu na makali, lakini madini yanayotoka kwenye plastiki mtoto akiinyonya hupimwa maabara, na kuuza kichezeo cha mtoto mchanga bila kipimo hicho siwezi. Mpwa wangu namwona kila wiki, na bajaji yake naikagua mwenyewe. Mtoto wa mteja sitamwona.

Miezi minne baadaye dada alinitumia picha: kona ya nyuma ya paa, ina alama za meno na kitu kama manyoya. Nilienda jioni ile ile. Nilipitisha pamba, ikanasa papo hapo. Kona ilikuwa na mviringo wangu wa milimita 3, ukubwa unaokaa sawasawa kati ya meno ya mbele, na alikuwa ameitafuna mpaka plastiki ikachanika nyuzi nyuzi. Hakuna kilichotoka bado. Kwenye mchoro nimeipanua kona hiyo hadi milimita 12, mdomo wake usiweze kuishika vizuri, na sasa hivi roli iko kwenye kikaushio, imebakiza saa mbili.